Uzoefu wangu wa kutafsirisha apruvo na kibali cha ujenzi cha maflati Nyali (matajiri wako Tanga)

Nyota nne kati ya tano, na huyu ninayempa nyota ni mtafsiri wa pili. Wa kwanza nitaeleza alichofanya ila jina silitaji.

Mie ndiye nafuatilia makaratasi huku Mombasa kwa niaba ya familia moja ya Tanga inayojenga maflati Nyali. Ploti wameichukua kwa lisi, maana kwa sheria yetu mtu asiye raia hapati zaidi ya lisi ya miaka 99. Wazee kule wanasoma Kiswahili, kontrakta wao naye barua zote anataka kwa Kiswahili, na kaunti huku inaandika Kizungu, sasa ikabidi barua ya apruvo na masharti yake yote yatafsiriwe kabla wazee hawajatia sahihi na kutoa pesa. Nikapeleka kwa mtu mjini anayetafsiri vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa, bei poa, siku mbili akanipa, nikaskani nikatuma Tanga bila kusoma vizuri, na hapo kosa ni langu kabisa.

Jioni ile ile mzee akanipigia. "Mwanangu, huyu mtumiaji mpya wa kiwanja ni nani? Mmeuza bila kutwambia?" Nilibaki kimya kwanza. Kumbe ile chenji ofu yuza, ambayo sisi huku kila mtu wa ploti anaijua ni kubadilisha matumizi, kutoka nyumba ya familia moja kwenda maflati, imeandikwa "kubadilisha mtumiaji wa kiwanja". Na ukiyachukua maneno peke yake hivyo ndivyo yanavyosema, ndiyo maana namwambia kila mtu kazi hii si ya mtu wa vyeti vya ndoa.

Lakini hilo lilikuwa dogo. Lililonitisha ni sharti la 14. Kwa kwetu Kenya, satifiketi ya okupesheni ni ile karatasi unayopewa na kaunti jengo likishaisha na kukaguliwa, bila hiyo hutakiwi kuingiza watu. Bara na Zanzibar sheria za ardhi ni mbili tofauti, mie nasema ya kule Tanga: kule satifiketi ya okupansi ndiyo hati miliki yenyewe ya ardhi, ile inayotolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Maneno karibu sawa, vitu viwili mbalimbali kabisa. Mtafsiri wa kwanza akaandika "jengo lisimilikiwe mpaka hati ya umiliki itolewe". Mzee akasoma kwa macho ya Tanga, akaelewa kwamba tukimaliza kujenga kaunti itawapa hati miliki, na akaanza kupanga kuipeleka hiyo hati benki achukue mkopo wa jengo la pili. Halafu lile sharti lenyewe, la kutoingiza mtu, likapotea njiani. Alikuwa na mpango wa kuweka wapangaji ghorofa za chini huku juu mafundi bado wanapiga plasta! Angefanya hivyo angevunja masharti ya apruvo akidhani yuko sawa.

Nikaulizia kwa arkitekti wetu, akanielekeza kwa dada mmoja ambaye kabla ya kutafsiri alifanya kazi miaka kwenye ofisi ya mpangaji wa miji. Tofauti niliiona siku ya kwanza tu. Hakuchukua barua akaanza kuandika. Aliniambia, "Kaka, niletee na plani zilizogongwa muhuri, na unambie anayesoma ni nani na yuko wapi." Kisha akanitumia kwanza orodha ya maneno kama 30, jinsi yanavyosemwa Mombasa, jinsi yanavyosemwa Tanga, na maana yake kwa sentensi moja, nikaipeleka kwa wazee waikubali ndiyo akaanza kazi.

Sharti la 14 kwake limetoka hivi: "Mtu yeyote asiingie kuishi wala kufanya biashara ndani ya jengo mpaka kaunti ikague na kutoa cheti cha ruhusa ya kulitumia jengo." Chini yake ameweka maelezo ya mtafsiri kwamba cheti hiki si hati miliki ya Tanzania na hakigusi umiliki wa ardhi. Na zile karatasi mbili, ambazo yule wa kwanza zote aliziita kibali cha ujenzi, yeye moja ameiita ruhusa ya kubadilisha matumizi ya ardhi na nyingine kibali cha ujenzi, maana ya kwanza peke yake haikuruhusu kuchimba hata msingi.

Kwenye hesabu ndio nilimvulia kofia. Barua yetu ina plot kavareji asilimia 35 na plot reshio asilimia 140, na kwenye tafsiri ya zamani zote mbili ziliitwa "asilimia ya ujenzi". Kontrakta wa Tanga akachukua hiyo 35 akadhani ndiyo jumla ya ghorofa zote. Ploti yetu ni mita mraba 2,000, kwa hiyo akapata mita 700 za kugawa kwa ghorofa nne, yaani 175 kila moja, akawaambia wazee mradi haulipi. Dada akaandika ya kwanza "sehemu ya ploti inayofunikwa na jengo chini", ya pili "jumla ya sakafu za ghorofa zote ikilinganishwa na ukubwa wa ploti". Ukisoma hivyo hesabu inajipanga yenyewe: chini mita 700, na ghorofa zote pamoja 2,800, yaani ghorofa nne za mita 700. Kontrakta akarudia hesabu siku hiyo hiyo.

Kitu kingine nilichopenda, namba za masharti hakuzigusa, sharti la 9 kwao ni la 9 kwetu, tukiongea kwa simu hatupotezani. Masharti ya kutimizwa kabla ya kazi kuanza, kama laiseni ya mazingira ya NEMA na kusajili mradi kwa mamlaka ya ujenzi, NCA, ameyaandika "kabla ya kuanza kazi yoyote kwenye ploti", wakati yule wa kwanza aliandika "kabla ya kukamilisha". Na pale muhuri ulipofunika maneno ya kalamu ameandika "haisomeki", hakubahatisha, ikabidi nirudi kaunti nikaombe kopi safi.

Nyota moja nimetoa kwa sababu ya muda, siku nane kwa kurasa 11, na maandishi ya kwenye plani anachaji mbali, hilo hakuniambia mapema. Na ukimuuliza kama sharti fulani laweza kupunguzwa hakujibu, anakwambia kamuulize mpangaji wa miji wako. Mwanzo niliona ananizungusha ila kwa kweli si kazi yake.

Kiapo cha mtafsiri alikula mwenyewe mbele ya wakili, kopi ya Kizungu ikabanwa nyuma na kila ukurasa una sahihi yake. Ukienda kwake beba plani, barua yote pamoja na karatasi za nyuma zenye masharti ya ziada, na mwambie kabisa msomaji ni wa Tanga, Unguja au wapi, maana maneno anayobadilisha ni hayo.