Uzoefu wangu na ofisi ya uhasibu: nimekaribishwa kwa maua, nikapokelewa na faini

Jina la ofisi sitaji maana mkataba nao bado upo, ila lazima nitoe hili dukuduku. Mimi nina karakana ya samani Keko, nimesajiliwa VAT na mafundi niliowaajiri wanazidi kumi, kwa hiyo kila mwezi TRA ananidai kwa tarehe na habembelezi mtu: PAYE, ile kodi ya mishahara ya wafanyakazi, na SDL, tozo ya mafunzo ya ufundi, za mwezi uliopita ziwe zimeingia kufikia tarehe 7, ritani ya VAT tarehe 20. Mhasibu niliyekuwa naye alikuwa mtu wa kuja na kupotea, nikasema hapana, sasa nataka ofisi. Nikapelekwa kwa hawa, ofisi nzuri, kiyoyozi, chai, tukasaini mwishoni mwa mwezi.

Kesho yake ikaingia imeili. Juu picha ya wazungu wamevaa suti wanashikana mikono, chini "KARIBU SANA KWENYE FAMILIA!!!", halafu aya baada ya aya kwamba mimi ni mteja wa thamani, wao wana weledi, safari yetu ya pamoja imeanza, na "timu yetu itawasiliana nawe hivi karibuni". Timu gani? Nani? Lini? Mwisho imesainiwa "Idara ya Huduma kwa Wateja", hakuna jina la binadamu hata mmoja. Wameambatanisha na profaili ya kampuni, lifaili zito mpaka simu inaganda, ya kunishawishi nijiunge, jamani si nimeshasaini jana!

Kilichoniudhi zaidi ni invoisi iliyokuja nayo. Hiyo sasa imeandikwa vizuri kabisa, kiasi, akaunti, ilipwe ndani ya siku 7. Yaani kuandika tarehe wanajua sana, ila tarehe za hela yao tu.

Mimi swali langu lilikuwa moja: mwezi huu ulioisha anafaili nani? Mhasibu wa zamani anasema ameshakabidhi, hawa wapya wametulia, na mishahara mafundi wameshalipwa kwa hiyo PAYE inasubiri. Hapo ndipo wateja wengi wanapoumia, ile katikati ambapo wa zamani ameshanawa mikono na mpya hajaanza. Sentensi moja tu ingetosha kwenye imeili, "PAYE ya mwezi huu tunafaili sisi, tutumie peiroli kufikia tarehe 3", au hata "mwezi huu malizana na mhasibu wako, sisi tunaanza mwezi ujao". Yoyote kati ya hizo ningejua pa kukimbilia.

Nikapiga simu, tarehe 7 iko mlangoni. Dada wa mapokezi ananijibu, "Mama, si ulitumiwa imeili ya kukaribishwa? Maelezo yote yako mle." Nikamwambia mwanangu nimeisoma, hebu na wewe ifungue tuisome wote, nioneshe ilipoandikwa PAYE. Kimya. Halafu "anayehusika yuko kwenye kikao, utapigiwa". Sikupigiwa. Tarehe 7 ikaja ikapita, nikachelewa, na kuchelewa TRA maana yake riba na faini, wala mfumo hauulizi kama ulikuwa umekaribishwa kwenye familia.

Nilitaka kuwapa nyota moja hapo hapo, na hiyo moja ni ya chai.

Sasa kesho yake ikaingia imeili nyingine, haina picha wala maua. Ni kijana mmoja wa pale ndani, mhasibu, nadhani aliona fujo yangu akaamua kuandika mwenyewe. Nainakili sehemu maana hii ndiyo ilitakiwa ije siku ile ya kwanza:

"Mama shikamoo. Mimi ndiye nitakayeshika mahesabu yako, namba yangu ipo chini. Nisipopokea mpigie msimamizi wangu, namba yake nayo ipo. Ritani ya VAT ya mwezi uliopita tunafaili sisi. Ili tuwahi tarehe 20, naomba kufikia tarehe 10 niwe nimepata ripoti za Z za mashine yako ya EFD, risiti za manunuzi, na steitimenti ya benki. Tarehe 15 nitakutumia hesabu uione, ukikubali tarehe 17 nafaili, unabaki na siku za kulipa. Risiti za mbao ambazo si za EFD, au za EFD lakini hazina TIN yako, zitenganishe, hizo siwezi kukudaia VAT, ni bora tujue mapema kuliko ushtuke kwenye hesabu."

Hilo la mwisho lilinigusa kwenye mfuko. Mbao nyingi nanunua kwa watu wanaokupa karatasi ya kuandika kwa mkono, na wale wenye mashine ukiwa na haraka wanakutolea risiti bila kuuliza TIN. Huyu kijana hajawahi kufika Keko lakini alijua maumivu yatatokea wapi, akayaweka mezani kabla.

Akaendelea: "Kitu cha kwanza kabisa, namba ya simu iliyopo kwenye akaunti yako ya TRA ni ya mhasibu wa zamani. Namba za uthibitisho zinaenda kwake, kwa hiyo hata ukinipa nywila siwezi kuingia. Tubadilishe wiki hii. Pia ada ya mwezi haijumuishi ukaguzi wa TRA wa miaka ya nyuma, hiyo ikitokea tutakubaliana bei kwanza kabla sijaigusa."

Basi. Haijafika hata kurasa moja. Nimejua nani, nimpe nini, lini, na kipi sijakilipia. Hili la kipi hakimo ofisi nyingi wanalificha wakidhani litamkimbiza mteja, mimi ndilo lililonifanya niwaamini kidogo, maana mtu anayekwambia mapema hiki nitakutoza pembeni ni nafuu kuliko anayekushtukiza na invoisi. Namba ya simu tulibadilisha, kweli yule mhasibu wa zamani alikuwa anapokea meseji zangu za TRA huko aliko! VAT ikafailiwa kabla ya tarehe 20, mara ya kwanza kwa muda mrefu sijakimbizana.

Kwa hiyo nikabadilisha, nikasema nyota nne, ofisi ina watu. Nikataka hata kuwashauri ile ya maua waitupe, ya kijana wawe wanaituma siku ya kusaini, kabla ya invoisi.

Halafu jana nikauliza kistaarabu ile faini ya PAYE inakuwaje, maana mimi ada nilishawalipa ndani ya zile siku zao 7. Nikajibiwa na nani? Idara ya Huduma kwa Wateja! "Ndugu Mteja, tunathamini maoni yako", na kwamba kwa mujibu wa mkataba huduma inahesabika kuanza baada ya "zoezi la kumpokea mteja kukamilika". Hilo zoezi linakamilika lini hakuna palipoandikwa, si kwenye mkataba, si kwenye imeili. Nimetafuta mstari kwa mstari na miwani yangu.

Nyota mbili. Kijana nampa tano zake peke yake, na siku akihama nitamfuata aendako. Ofisi mkataba unaniruhusu kuvunja kwa notisi ya mwezi mmoja, barua ya notisi nimeshaiandika na tarehe nimeweka, wao wana mpaka Ijumaa kuniambia faini analipa nani.