Uzoefu wangu wa kulipia mashine kwa hundi ya benki

Mwaka jana nilinunua mashine ya kukoboa mahindi iliyotumika kutoka kwa mzee mmoja wa Kijenge, Arusha, kwa shilingi 8,500,000. Mimi ninaishi Moshi, na akaunti yangu pamoja na kitabu cha hundi viko kwenye tawi la hapa mjini. Nilipomwambia kwamba nitamwandikia hundi, alinijibu kwa upole lakini bila kuyumba: "Mwanangu, hundi yako siipokei. Niletee ya benki yenyewe."

Alikuwa na sababu. Miaka kadhaa nyuma aliuza ng'ombe watatu kwa hundi ya mtu binafsi, na hundi ikarudi kwa kuwa akaunti haikuwa na fedha za kutosha, wakati ng'ombe walikwisha kuondoka. Hundi ya mtu binafsi ni amri tu kwa benki yake kwamba imlipe mwenye jina. Fedha zenyewe hubaki kwenye akaunti ya mwandikaji mpaka hundi iwasilishwe, na katika siku hizo anaweza kuzitoa zote au kuiagiza benki isilipe. Hundi ya benki ni kitu kingine kabisa. Nilipoiomba, karani alikata 8,500,000 kwenye akaunti yangu papo hapo na kuzihamishia kwenye akaunti ya benki, kisha benki ikajiandikia yenyewe amri ya kulipa, ikasainiwa na maofisa wake wawili. Tangu hapo mdaiwa ni benki, wala salio langu halihusiki tena.

Gharama yake ilikuwa shilingi 20,000, kodi ikiwa ndani. Kila benki ina kiwango chake, kwa hiyo ni vizuri kuomba kuona orodha ya ada kabla ya kujaza fomu, na kuuliza pia ada ya kuifuta, kwa sababu hiyo ndiyo iliyoniumiza mimi.

Kwenye fomu niliandika jina la mzee kama watu wote wanavyomwita, yaani jina la mwanawe wa kwanza likitanguliwa na "Baba". Karani hakuniuliza chochote. Nilipofika Arusha, mzee aliishika ile karatasi, akaielekeza dirishani kuona alama zilizofichwa ndani yake, akapitisha kidole juu ya tarakimu zilizotobolewa, kisha akasoma jina na kunirudishia. Hundi ilikuwa na mistari miwili ya kukingama na maneno ya kuagiza ilipwe kwenye akaunti ya mtajwa peke yake, na akaunti yake ilikuwa na majina matatu ambayo hayakufanana hata kidogo na lile nililoandika. Benki yake isingeipokea.

Hundi ya benki hairekebishwi kwa kalamu. Nilirudi Moshi, nikaikabidhi hundi halisi pamoja na barua ya kuomba ifutwe, nikasubiri siku 2 fedha zirudi kwenye akaunti, nikalipa ada ya kufuta na baadaye ada ya hundi mpya. Nilisikitika kwamba karani hakunitahadharisha, lakini ni kweli pia kwamba fomu niliijaza kwa mkono wangu. Kama ningeipoteza ile karatasi ingekuwa kazi kubwa zaidi, maana benki hutaka kwanza mteja asaini hati ya kuikinga dhidi ya hasara ndipo izuie malipo.

Mara ya pili nilimwomba mzee anitumie picha ya kadi yake ya benki, nikanakili jina herufi kwa herufi. Naye hakutegemea macho peke yake, na alifanya vyema, kwani hundi za benki nazo hughushiwa. Aliitafuta mwenyewe namba ya simu ya tawi langu badala ya kutumia namba ambayo ningempa mimi, akapiga, akawasomea namba ya hundi, kiasi na tarehe. Walipothibitisha kwamba ni yao, aliipeleka benki kwake, na fedha zilipoingia siku ya kazi iliyofuata akaniruhusu kupakia mashine.

Wakati nikisubiri niliuliza kuhusu drafti, kwa kuwa watu wengi huzichanganya. Nilielezwa kwamba katika hundi ya benki benki hujiagiza yenyewe, ilhali katika drafti huagiza benki nyingine au tawi lake la mahali pengine ilipe. Ndiyo maana drafti hutumika zaidi kulipa nje ya nchi kwa fedha za kigeni.

Kwa bei ile huduma ilinifaa, kwa sababu mimi sikutaka kutuma fedha kabla ya kuiona mashine ikiwaka, naye hakutaka kuiachia kwa ahadi. Lakini hundi inayopita kati ya benki mbili ina ukomo wa shilingi milioni 10, hivyo pikapu ninayokusudia kununua, ambayo bei yake inazidi hapo, nitailipia kwa TISS, yaani mfumo wa kuhamisha fedha moja kwa moja kutoka benki moja hadi nyingine, tukiwa wote wawili tumekaa ndani ya tawi.