Mikanda miwili kwenye mtoto mmoja: uzoefu wangu na fomu ya kuripoti matukio wodini

Mimi ni mkunga. Hospitali ninayofanya kazi ina fomu ya kompyuta ya kuripoti matukio, na kwa muda mrefu niliitumia kwa mambo ya mtu kuteleza sakafuni au dawa kuchelewa. Safari hii niliitumia kwa kosa ambalo halikumdhuru mtu yeyote. Naipa nyota tatu kati ya tano, na kisa chenyewe ndicho kitakachoonyesha mbili zimepotelea wapi.

Ilikuwa saa kumi na dakika kumi alfajiri. Mtoto wa kitanda cha 6 alikuwa amelia sana, nikamfungua blanketi nimpime joto. Mguu wa kulia mkanda ulisomeka namba inayoishia 4417, sawa na mkanda wa mkononi mwa mama yake. Nilipomfunika nikaona mguu wa kushoto: 4471. Nikadhani ni usingizi. Nikachukua tochi, nikasoma tarakimu moja moja kwa sauti ya chini. Nne, nne, saba, moja. Hiyo ni namba ya mama wa kitanda cha 7.

Kwa asiyejua utaratibu: mtoto akizaliwa huvikwa mikanda miwili, na mama huvikwa wake, yote ikiwa na namba moja. Mtoto anavikwa miwili kwa sababu mmoja hupotea. Mtoto mchanga hupungua uzito siku za mwanzo na uvimbe wa kuzaliwa hushuka, kwa hiyo mkanda uliombana vizuri siku ya kwanza huchezacheza siku ya pili na kuchomoka mzima mzima, bila kufunguka. Kifungo chake hakifunguki hata ukitaka, lazima ukate kwa mkasi. Lakini mkanda uliochomoka mzima unaweza pia kurudishwa mzima, na hapo ndipo shida yetu ilipoanzia.

Nilitamani kuukata ule mkanda wa kushoto palepale na kuandika mpya. Dakika moja, mambo yamekwisha. Bahati nzuri sikufanya hivyo, maana mikanda miwili isiyopatana haikuambii upi ni wa kweli. Ukikata mmoja umeshaamua, na ushahidi umeutupa. Niliiacha yote miguuni, nikamwita mkunga mwenzangu, tukaenda kitanda cha 7. Mtoto wa pale alikuwa na mkanda mmoja tu, 4471, mguu wa kulia. Kushoto hamna kitu.

Swali la kutisha lilikuwa kama watoto wenyewe wamebadilishana. Tukafungua rejesta ya uzazi. Wote wasichana, wamezaliwa mchana mmoja, yapata saa 36 zilizopita. Wa 4417 alizaliwa na gramu 3,180, wa 4471 gramu 2,740. Tukawapima upya kwa mizani moja: 3,050 na 2,650. Kila mmoja amepungua kati ya asilimia 3 na 4 na kitu, jambo la kawaida kwa umri huo. Kama wangekuwa wamebadilishana, mmoja angekuwa amepoteza zaidi ya nusu kilo kwa siku moja na nusu na mwingine ameongezeka gramu 310. Hilo halitokei. Juu ya hapo, mikanda ya kulia ilikuwa imebana na inalingana na mama zao, na mkunga aliyemzalisha mama wa kitanda cha 7 alikuwa ameandika kwamba mtoto ana alama nyekundu kwenye kope. Tukaiangalia, ipo.

Basi watoto walikuwa kwa mama zao. Mkanda ndio uliohama. Tulipopekua shuka za kijitanda cha mtoto wa kitanda cha 6 tukaukuta wa pili wa 4417 umejikunja kwenye pembe ya godoro. Picha ikawa wazi kiasi: watoto huogeshwa baada ya kutimiza saa 24, na hawa wawili waliogeshwa jioni ile, mmoja baada ya mwingine, kwenye meza moja. Mkanda wa mtoto wa kitanda cha 7 ulichomoka pale mezani. Wa mtoto wa kitanda cha 6 ulikuwa umeshachomokea kitandani. Mtu akaona mtoto hana mkanda mguu wa kushoto, akaona mkanda mezani, akamvika. Namba 4417 na 4471 ukizipitia haraka ni kitu kimoja.

Kilichonikausha mate ni faili la kitanda cha 7. Mama yule ni wa kundi la damu la O na mtoto wake ni A, hali inayoweza kumletea mtoto manjano, kwa hiyo daktari alikuwa ameagiza apimwe bilirubini saa kumi na mbili asubuhi. Damu hiyo hutolewa kisiginoni. Mtu wa kutoa damu angeingia wodini na fomu ya 4471, angeshika mguu wa kushoto wa mtoto wa kitanda cha 6, namba ingelingana, angetoboa. Majibu mazuri ya mtoto asiye na tatizo yangeingia kwenye faili la mtoto tuliyemhofia manjano, na yangetutuliza. Tulipiga simu maabara: hakuna sampuli ya namba yoyote kati ya hizo mbili iliyokwisha kufika. Tukakagua pia vikombe vya maziwa kwenye friji, hakuna cha mama hao. Kisha tukapita watoto wote wa wodi, maana likitokea kwa wawili huwezi kujua kwa wengine.

Tuliwaeleza mama wote wawili kabla hapajakucha. Mama wa kitanda cha 6 alimkumbatia mtoto akaniuliza, "Sista, kwa hiyo huyu ni wangu?" Nilimwonyesha uzito kwenye rejesta na uzito wa sasa, nikamsomea namba ya mkono wake na ya mguu wa mtoto. Akaisoma mwenyewe mara mbili. Seti mpya za mikanda tulizivalisha mbele yao, na ile ya zamani tukaikata, tukaitia bahasha na kuandika juu kila mkanda ulitoka wapi.

Sasa fomu.

Sehemu ya kwanza inauliza saa ya tukio na saa ya kugunduliwa. Nikaandika 10:10, kwa kuwa kichwani mwangu ilikuwa saa kumi na dakika kumi. Fomu ikakataa: muda haujafika. Ilitaka 04:10. Nilicheka kwa uchovu, lakini fikiria nimeandika hivyo mchana, ingekubali na kumbukumbu nzima ingesogea saa sita. Tangu siku hiyo naandika saa zote mbili kwenye maelezo.

Saa ya tukio lenyewe sikuijua, na fomu haina nafasi ya "kati ya saa fulani na fulani". Inataka dakika. Niliweka saa ya kuogeshwa, nikaeleza chini kwamba ni makadirio.

Halafu ikaja orodha ya aina za matukio. Utambulisho wa mgonjwa umefichwa chini ya "Nyaraka". Nilitafuta dakika kadhaa. Mkanda wa mtoto si karatasi, lakini ndipo ulipo.

Kiwango cha madhara kilinisumbua zaidi. Kuna "halikumfikia mgonjwa" na kuna "lilimfikia, halikumdhuru". La kwanza ndilo tunaloliita kuponea chupuchupu. Mwenzangu alisema chupuchupu, hakuna aliyetobolewa. Mimi niliona mkanda wa mwingine umekaa mguuni mwa mtoto kwa saa tisa, na kama huko si kufikiwa sijui kufikiwa ni nini. Nilichagua la pili nikaandika sababu. Ofisa wa usalama wa wagonjwa baadaye alilibadilisha likawa la kwanza, kwa hoja kwamba hakuna huduma yoyote iliyotolewa kwa kufuata mkanda ule. Sikubishana sana. Ila fomu ingeeleza tofauti hiyo kwa mstari mmoja, tusingeagua.

Kisha kisanduku chenye nyota nyekundu, lazima kijazwe: "Mfanyakazi aliyehusika". Hapa ndipo nyota ya kwanza ilipoondoka. Msaidizi aliyewaogesha watoto ni binti mpya, na mtu yeyote angeweka jina lake na kwenda kulala. Lakini nilipofungua karatasi ya makabidhiano ya saa mbili usiku, yaani baada ya kuoga, kulikuwa na alama ya tiki mbele ya kitanda cha 6: mikanda imekaguliwa. Tiki ilikuwa yangu. Nilikuwa nimesoma mguu uliokuwa nje ya blanketi, wa kulia, nikapita. Nikaandika kwenye kisanduku: "Zaidi ya mmoja, pamoja nami. Tazama maelezo."

Maelezo niliyaandika mara mbili. Ya kwanza yalianza, "Msaidizi alimvika mtoto mkanda wa mwingine bila kuangalia." Nikayafuta, kwa kuwa sikuwa nimemwona mtu akimvika mtoto chochote. Niliyoyatuma ni haya:

"Saa 04:10 (saa kumi na dakika kumi alfajiri) mtoto wa kitanda cha 6 alikutwa na mikanda yenye namba mbili tofauti: kulia inaishia 4417, kushoto 4471. Mtoto wa kitanda cha 7 alikuwa na mmoja, kulia, 4471. Mkanda wa pili wa 4417 ulikutwa kwenye kijitanda cha mtoto wa kitanda cha 6, haujakatwa. Ukaguzi wa saa mbili usiku ulisoma mguu mmoja tu. Watoto walithibitishwa kwa rejesta, uzito na alama ya kope. Hakuna sampuli wala dawa iliyotolewa kwa mkanda usio sahihi. Mama wameelezwa. Mikanda ipo kwenye bahasha kwa msimamizi."

Majina ya mama na watoto sikuyaweka; namba zinatosha kwa mwenye haki ya kufungua faili. Fomu inaruhusu kutuma bila jina lako, lakini nisingependekeza kwa kisa kama hiki, maana ofisa hana wa kumuuliza.

Alikuja siku ya nane. Nyota ya pili iliondoka hapo, siku nane ni nyingi kwa jambo linaloweza kurudi usiku unaofuata. Lakini alipokuja alikuja vizuri: aliomba bahasha, akajaribu mkanda kwenye kidole chake, akauliza kwa nini mezani kunaogeshwa watoto wawili. Binti wa kuogesha alimweleza yote mwenyewe, bila kuitwa. Siku ile ile ulipitishwa utaratibu kwamba mkanda uliochomoka haurudishwi kamwe, unakatwa na seti mpya inatolewa mbele ya mama. Meza inabeba mtoto mmoja. Na karatasi ya makabidhiano sasa ina visanduku viwili kwa kila mtoto, kulia na kushoto, ambamo unaandika tarakimu nne za mwisho badala ya tiki.

Kwenye kompyuta ripoti yangu inaonyesha "Imefungwa". Aina: Nyaraka.