Kukadiria kila mstari au kukadiria mwonekano tu?

Tuseme umeme ni Sh. 12,450,400, maji 3,200,400 na usafiri 8,100,400, na jedwali la bajeti kwenye Excel linaonyeshwa kwa maelfu. Ukikadiria kila mstari kwa `=ROUND(B2,-3)` kabla ya kujumlisha, jumla itakuwa 23,750 na hesabu italingana machoni, lakini Sh. 1,200 zitakuwa zimetoweka. Ukihifadhi kiasi kamili na kubadilisha muundo wa seli pekee kwa `#,##0,;(#,##0,)`, ambao pia huweka nakisi kwenye mabano, jumla itasomeka 23,751, iliyo karibu zaidi na ukweli, ingawa msomaji mwenye kikokotoo ataona tofauti ya 1. Kwa bajeti itakayokaguliwa nachagua njia ya pili bila kusita, mradi chini ya jedwali ielezwe kwamba tofauti hiyo imetokana na kukadiria tarakimu hadi maelfu.