Uzoefu wangu na NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza: kujiandikisha kwa daktari, dawa za kila mwezi, na homa baada ya safari ya nyumbani

Nazungumzia England tu. Uskoti, Wales na Ireland Kaskazini wana taratibu zao, na huko dawa za kuandikiwa na daktari hazilipiwi kabisa. Kwa ujumla huduma ya England naiheshimu: kumwona daktari wa mtaa ni bure na hakuna anayekudai chochote mlangoni. Lakini ni huduma yenye milango mingi, na karibu yote inapitia kwa daktari huyo wa mtaa, yule anayeitwa GP. Usipoandikishwa kwake, huwezi kupata rufaa ya kawaida kwenda kwa bingwa wala dawa za kila mwezi bila usumbufu.

Kosa ninaloliona sana kwa Waswahili wapya ni kudhani kwamba ile ada ya afya waliyoilipa pamoja na viza imeshawaandikisha. Tangu Februari 2024 ada hiyo ni pauni 1,035 kwa mwaka, na pauni 776 kwa wanafunzi na watoto. Inakupa haki ya kutibiwa hospitali bila kutozwa kama mgeni, basi. Haikuandikishi popote, na haifuti malipo ya dawa, meno wala miwani. Kuandikishwa unakwenda mwenyewe, na ni vizuri uende wiki ile ile unapopata makazi, ukiwa bado mzima.

Kila kituo cha daktari kina eneo lake. Ukiingia tovuti ya NHS na kuandika posikodi yako, unaletewa vituo vya karibu. Vingi vinapokea maombi mtandaoni kupitia ukurasa wa `Register with a GP surgery`, na pia unaweza kuomba fomu ya karatasi iitwayo GMS1. Inauliza jina, tarehe na mahali pa kuzaliwa, anwani, na tarehe uliyoingia nchini. Hakuna sheria inayokulazimisha kuonyesha pasipoti, bili ya umeme au karatasi za uhamiaji. Mhudumu wa mapokezi anaweza kuziomba, na ukiwa nazo mpe, kwa sababu zinapunguza makosa. Usipokuwa nazo, hiyo si sababu ya kukukataa. Kituo kinaweza kukataa kwa sababu kama vile kuishi nje ya eneo lake au orodha yake kufungwa, na kinatakiwa kukuandikia sababu hiyo ndani ya siku 14. Ukiambiwa "haiwezekani" kwa mdomo, omba kwa upole uandikiwe. Mara nyingi hapo fomu inapokelewa.

Jina nalo liangaliwe sana. Sisi tuna majina matatu, na pengine mtu anaandika la baba leo na la babu kesho. Mfumo wao unakutambua kwa jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya NHS yenye tarakimu 10. Ukiandika "Ally" kituoni na "Ali" hospitali, unaweza kufunguliwa mafaili mawili, kisha majibu ya damu yakawa faili moja na daktari anasoma jingine. Hatari ni kubwa zaidi kwa wale ambao karatasi zao zote zinasema Januari 1, kama ilivyo kwa wakimbizi wengi wa Kongo, maana tarehe yao haiwatofautishi na wengine. Andika kama pasipoti au kadi yako ya ukaazi inavyosema, herufi kwa herufi, kila mahali. Dalili kwamba una mafaili mawili ni kupokea barua zenye namba tofauti za NHS. Peleka zote mbili mapokezi, uombe ziunganishwe.

Miadi ya kawaida ni ya dakika kama kumi, kwa hiyo nenda na shida moja kubwa na uitaje mwanzo. Ukianza na maamkizi marefu na habari za mgongo, ukaacha maumivu ya kifua hadi umesimama kuondoka, muda umekwisha. Vituo vingi vinafungua simu saa mbili asubuhi na nafasi za siku hiyo zinaisha mapema. Kwa yasiyo ya haraka, tangu Oktoba 2025 vituo vinatakiwa kuacha fomu ya mtandaoni wazi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili na nusu jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Mhudumu wa mapokezi atakuuliza unaumwa nini. Wengi wetu tunaona ni uchunguzi usio na adabu, lakini anauliza ili ajue akupeleke kwa daktari, muuguzi au mfamasia. Mpe sentensi mbili: kinachouma, na tangu lini. Kama ni jambo la siri, sema ni la siri, inatosha. Kiingereza kikiwa kigumu, omba mkalimani wa Kiswahili wakati wa kuweka miadi. Ni bure, na mara nyingi anakuja kwa simu. Usimtumie mtoto wako kutafsiri: atapunguza maneno kwa aibu, na daktari atakosa habari anayoihitaji.

Sasa dawa, ambako pesa nyingi hupotea bila sababu. Nyumbani mtu wa presha anaingia duka la dawa na kununua kidonge chake. Hapa dawa za presha hazitoki bila cheti cha daktari, na cheti ulichoandikiwa Dar es Salaam au Mombasa famasia hawawezi kukitumia. Kwa hiyo safiri na dawa za kukutosha miezi miwili hivi, pamoja na barua ya daktari yenye jina halisi la dawa na kipimo chake. Jina la kibiashara lililo kwenye boksi huenda halijulikani hapa.

Tumchukue mtu wa miaka 48 anayetumia amlodipini ya miligramu 5 na losartani ya miligramu 50. Tangu Mei 2024 malipo ni pauni 9.90 kwa kila aina ya dawa, kila inapotolewa, iwe vidonge 28 au 56. Akipewa za siku 28, atachukua mara 13 kwa mwaka: aina mbili mara 13 ni malipo 26, yaani pauni 257.40. Akimwomba daktari ampe za siku 56, na presha yake imetulia, atachukua mara saba, pauni 138.60. Njia nafuu zaidi ni hati ya kulipia mapema inayouzwa na NHSBSA, ofisi ya NHS inayoshughulikia malipo ya dawa; kwenye tovuti yao imeandikwa PPC. Ya mwaka ni pauni 114.50, na inaweza kulipwa kidogo kidogo kupitia benki kwa miezi kumi. Ndani ya mwaka huo dawa zote zimelipiwa. Hesabu ni nyepesi: ukifika malipo 12 kwa mwaka, hati inakufaa. Ukilazimika kulipa kabla hati haijatoka, omba pale pale kaunta risiti ya FP57. Ukiondoka bila hiyo, hutaipata baadaye, na huwezi kurudishiwa.

Mtu huyo huyo akigundulika na kisukari na kuanzishiwa metifomini, hesabu inabadilika yote. Kisukari kinachotibiwa kwa dawa kimo katika orodha ya magonjwa yenye msamaha. Kituo kinamsainia fomu FP92A, anapata hati ya miaka mitano, na dawa zake zote zinakuwa bure, hata zile za presha. Wajawazito, watoto chini ya miaka 16 na wenye miaka 60 kwenda juu hawalipi pia. Presha peke yake haimo katika orodha. Seli mundu nayo haimo, jambo ambalo naliona ni dhuluma kwa familia zetu, kwa hiyo mwenye seli mundu anunue PPC mapema. Usiweke alama ya msamaha nyuma ya cheti kwa kuwa tu ulilipa ada ya viza. Wanakagua baadaye, na faini inaweza kufika pauni 100 juu ya bei ya dawa.

Agiza dawa zinazofuata kwenye `NHS App` zikiwa zimebaki za siku saba, na mapema zaidi kabla ya Pasaka na Krismasi. Cheti kinatumwa kwa kompyuta hadi famasia uliyoichagua, basi ukihama mtaa badilisha famasia pia, la sivyo dawa zitakusubiri ulikotoka. Zikikuishia Jumamosi usiku, piga 111, namba ya ushauri ya NHS. Wanaweza kukupangia famasia itakayokupa za dharura, mradi ni dawa uliyokwisha kuandikiwa.

Kuna homa moja ambayo sisi hatupaswi kuichelewesha. Ukipata homa ndani ya mwaka mmoja baada ya kutoka Afrika Mashariki, hasa mwezi wa kwanza, ni malaria hadi damu ithibitishe vinginevyo. Kinga tuliyokua nayo hupungua tukikaa mbali, na sehemu kubwa ya wagonjwa wa malaria Uingereza ni watu waliokwenda kusalimia ndugu. Daktari wa mtaa kwa kawaida hana kipimo chake kituoni, na akisikia homa na mwili kuuma wakati wa baridi atafikiria mafua. Nenda idara ya dharura, penye bango la A&E, siku hiyo hiyo. Sentensi yako ya kwanza iwe: nimetoka Tanzania tarehe fulani, nina homa, naomba kipimo cha malaria. Wagonjwa hupangwa kwa uzito wa hali, si kwa aliyewahi, na sentensi hiyo ndiyo inayokusogeza. Kipimo kimoja kikiwa safi hakitoshi. Hurudiwa, kwa kawaida hadi mara tatu katika siku mbili tatu. Kama umemeza dawa ya mseto uliyokuja nayo, sema, kwa sababu inaweza kuficha vimelea. Mgonjwa akianza kuchanganyikiwa, kupata degedege au kupumua kwa shida, piga namba ya dharura, 999.

Na mzazi aliyekuja kukutembelea kwa viza ya utalii? Daktari wa mtaa anaweza kumpokea kwa muda, bila malipo. Huduma ndani ya idara ya dharura nayo ni bure, na matibabu ya malaria hayatozwi mgeni yeyote. Lakini akilazwa wodini kwa kiharusi au kuvunjika nyonga, hospitali itamtoza asilimia 150 ya gharama ya kawaida ya NHS. Bima ya safari inunuliwe kabla hajapanda ndege, na presha na kisukari chake vitajwe katika fomu ya bima, kwa sababu ugonjwa uliofichwa ndio unaoipa kampuni sababu ya kukataa kulipa.