Uzoefu wangu na dalali wa opsheni jioni ya siku ya kuisha muda

Nafanya biashara ya opsheni za hisa za Marekani kupitia dalali wa mtandaoni. Dawati lake la simu naliamini kabisa. Programu yake ya simu, kwa saa moja na nusu ya Ijumaa jioni, siiamini.

Nilikuwa nimeuza opsheni mbili za kununua, kila moja ikimpa mwenye nayo haki ya kupata hisa 100 kwa bei ya utekelezaji, dola 50, na kujikinga kwa kununua mbili za dola 55. Baada ya kulipia kinga nilibaki na dola 100. Soko lilipofungwa saa 10:00 jioni, saa za New York, hisa ilikuwa 49.70. Programu ikaandika zote nne kuwa zimeisha bila thamani.

Hazikuwa zimeisha. Biashara ya opsheni husimama saa 10:00, lakini mwenye opsheni ana hadi saa 11:30 jioni kutoa agizo la kutekeleza au kutotekeleza. OCC, taasisi inayosimamia malipo ya opsheni hizo, hutekeleza yenyewe zile zenye faida ya angalau senti moja kwa bei ya kufunga. Mwenye opsheni anaweza kuagiza kinyume chake, na wengi hufanya hivyo habari ikibadilisha bei jioni.

Jioni ile habari ilikuja: kampuni inanunuliwa. Hisa ikapanda hadi 57 kwenye biashara ya baada ya kufungwa. Aliyeshika opsheni yangu ya 50 angeweza kupata kwa 50 hisa ya 57, nami sikuwa na njia ya kuinunua tena.

Kilichobaki mkononi ni zile za 55. Kwa bei ya kufunga hazikuwa na faida, kwa hiyo OCC isingezigusa bila agizo langu. Dalali anaruhusiwa kuweka kikomo cha mapema kuliko saa 11:30, na wangu amefanya hivyo. Programu haikionyeshi popote. Nikapiga simu. Mhudumu aliuliza kama nina fedha za kuchukua hisa 200 kwa dola 55, yaani dola 11,000, akapokea agizo na kunisomea tena kabla ya kulituma. Kusubiri kujua kama nitapangiwa kuuza kusingewezekana, maana taarifa hutoka baada ya kikomo. Hata nisingepangiwa, hisa za 55 zenye bei ya 57 zingekuwa zangu.

Jumamosi taarifa ilifika: nimepangiwa zote mbili. Niliuza hisa 200 kwa 50, nikachukua 200 kwa 55. Hasara dola 1,000, ukitoa zile 100 ni 900. Bila kutekeleza kinga, kuzinunua sokoni kwa 57 kungeniachia hasara ya 1,300, na bei ya Jumatatu ingekuwa ya kukisia.

Namwomba dalali huyu jambo moja: opsheni zisiandikwe zimeisha kabla ya saa 11:30, na kikomo chake cha maagizo kionekane kando ya kila moja.