Bango la mabasi kuwa jedwali: uzoefu wangu na Excel ya simu hapa Kampala

Kazi yangu ni kuwakatia tiketi na kuwapakilia mizigo wafanyabiashara wanaonunua kwenye masoko ya Kikuubo na Owino, kisha wanarudi kwao Nairobi, Kigali, Juba au Dar es Salaam. Kila kampuni ya basi ina bango lake ukutani, na kila bango lina namna yake ya kuandika saa. Mteja akiniuliza basi gani linaondoka mapema zaidi, sitaki kupekua picha kwenye simu. Nataka jedwali moja lililopangwa kuanzia basi la alfajiri hadi la mwisho la usiku, na saa zote ziandikwe kwa mtindo wa 24.

Kwa kazi hiyo ninatumia kipengele kinachoitwa Data from Picture ndani ya Excel ya simu, kilichoanza kwenye Android mwaka 2019. Nilikuwa natumia programu za kunakili maandishi kutoka kwenye picha. Hizo hukupa maneno, lakini safu huvurugika: majina ya miji yote yanakaa juu, saa zote chini, na wewe ndiye wa kuzioanisha. Excel huyaweka mambo kwenye visanduku vyake, mji karibu na saa yake, na visanduku inavyovitilia shaka huvipaka rangi ili uvikague kabla ya kuviingiza. Kwa hilo peke yake naipa nne kati ya tano.

Kuhusu picha yenyewe sina mengi. Simama mbele ya bango, usilipige kutoka pembeni. Kama limefunikwa nailoni, zima tochi ya simu, maana mwanga ukirudi unakula tarakimu. Kata picha ibaki na jedwali tu, bila namba za simu za ofisi na mapambo ya kampuni. Picha ikiwa safi, kazi ya kusoma inakwisha upesi.

Kazi kubwa inaanza baada ya hapo, na hili ndilo ningependa mtu anielewe vizuri kabla hajaiamini programu yoyote ya aina hii. Ile rangi ya tahadhari inahusu herufi na tarakimu: je, hii ni 1 au 7? Haihusu maana. Bango likisema 11:00 na programu ikasoma 11:00, haitakuonya chochote, hata kama hiyo 11:00 ni alfajiri kabla jua halijachomoza.

Nianze na kosa dogo. Bango moja la mabasi ya Nairobi linaandika saa kwa nukta: 7.00, 8.30, 20.30. Excel ikiona nukta huona namba ya kawaida, kwa hiyo 8.30 inabaki 8.3 na 7.00 inakuwa 7. Ukigawanya kwa 24 ili uipate saa, 8.3 itakuletea 08:18, kwa sababu sehemu tatu za kumi za saa ni dakika 18. Hilo ni kosa baya kwa kuwa linaonekana kama jibu sahihi. Dawa yake ni kuzichukua tarakimu za baada ya nukta kama dakika zenyewe:

```
=TIME(INT(B2),ROUND(MOD(B2,1)*100,0),0)
```

Hapo 8.3 inatoa 08:30 na 20.3 inatoa 20:30. Na usihofu kuhusu ile sifuri iliyopotea. Kama bango lingekuwa na 8.03, sifuri ya katikati isingeondoka, kwa hiyo hizo mbili hazichanganyiki.

Sasa tuje kwenye mabango ya kwenda Tanzania. Haya yameandikwa kwa Kiswahili na kwa saa zetu: kuripoti saa 10:00 alfajiri, kuondoka saa 11:00, basi la pili saa 12:00 asubuhi, la tatu saa 8:00 mchana. Nilipoona 11:00 haina neno la kipindi mbele yake, sikutaka kukisia. Nilirudi dirishani kuuliza.

“Samahani dada, hii kumi na moja ni ya alfajiri au ya jioni?”

“Ni alfajiri, kaka. Si unaona kuripoti ni saa kumi? Ukija jioni utakuta limeshavuka mpaka wa Mutukula zamani.”

Majibu ya namna hiyo hayamo kwenye picha. Na si mabango ya Kitanzania tu. Waganda nao huhesabu saa kama sisi, wakianza na saa moja baada ya jua kuchomoza, hivyo karani wa Kampala akiongeza basi kwa kalamu chini ya bango la Kiingereza, huenda 2:00 yake ni saa mbili asubuhi, yaani 08:00. Bango moja linaweza kubeba saa za aina mbili. Ninachofanya ni kuongeza safu ya kipindi kando ya saa, nijaze asubuhi, mchana, jioni, usiku au alfajiri kwenye kila mstari wa saa za Kiswahili, halafu fomula ifanye hesabu:

```
=TIME(HOUR(B2)+IF(OR(C2="usiku",C2="alfajiri",AND(C2="asubuhi",HOUR(B2)>10)),18,6),MINUTE(B2),0)
```

B2 ni saa ilivyosomwa, C2 ni kipindi. Mchana tunaongeza 6, kwa hiyo saa 8:00 mchana inakuwa 14:00. Usiku na alfajiri tunaongeza 18, na jumla ikipita 24 fomula yenyewe inaondoa siku nzima: saa 11:00 alfajiri ni 29, ikitolewa 24 inabaki 05:00. Hiyo sehemu ya HOUR(B2)>10 niliiweka kwa ajili ya saa 12:00 asubuhi. Mtu akiongeza 6 kwa asubuhi zote, basi hilo litahamia 18:00, na jedwali litaonyesha kuwa linaondoka jioni. Namna ya kuligundua kosa hilo ni kuangalia kama mistari miwili imeangukia 18:00, mmoja wa asubuhi na mmoja wa jioni. Wale wanaoandika saa 1:00 jioni ninawabadilishia kipindi kuwa usiku, ili ije 19:00 badala ya 07:00.

Safu ya saa ya awali siifuti kamwe. Ninaiacha kama ilivyotoka kwenye bango, na saa iliyogeuzwa ninaiweka kwenye safu nyingine. Mteja akibisha, namwonyesha zote mbili.

Kigali ina jambo lake. Rwanda iko nyuma ya Uganda kwa saa moja, na mabango huandika saa ya kufika kwa saa za kule basi linakofika. Chukua mfano wa basi linaloondoka Kampala 20:00 na kufika Kigali 05:00. Ukitoa moja kwa moja unapata saa tisa za safari. Lakini 05:00 ya Kigali ni 06:00 ya Kampala, kwa hiyo abiria amekaa njiani saa kumi, mpaka wa Katuna ukiwemo. Kurudi ni kinyume chake: kuondoka Kigali 19:00 na kufika Kampala 06:00 kunaonekana ni saa 11, wakati ni saa kumi zilezile. Safari ya kwenda ikionekana fupi kuliko ya kurudi kwa saa mbili kamili, karibu kila mara sababu ni hii. Juba nayo iko hivyohivyo tangu Februari 2021, Sudan Kusini ilipoirudisha saa yake nyuma. Nairobi na Dar es Salaam ziko sawa na sisi, hazihitaji kuguswa.

Kwa hiyo kuna safu ya nchi pia, na safu ya mwisho ambayo kila kitu kimegeuzwa kuwa saa za Kampala. Kwa mistari ya Rwanda na Sudan Kusini ninaandika hivi:

```
=MOD(D2+1/24,1)
```

Ile MOD si pambo. Excel huihifadhi saa kama sehemu ya siku, nusu siku ikiwa 0.5. Basi la Kigali la 23:30 likiongezwa saa moja bila MOD litaonyesha 00:30 kwenye skrini, lakini thamani yake ya ndani itakuwa imezidi siku moja. Ukilipanga jedwali, litaangukia mwisho kabisa badala ya mwanzo, na utashangaa kwa nini 00:30 iko chini ya 22:00.

Kabla ya kupanga, safu ya mwisho ninaipa muundo wa hh:mm, kisha ninapanga kuanzia ndogo. Mstari wowote uliobaki kama maandishi utajitenga wenyewe, kwa sababu Excel hupanga namba kwanza na maandishi baadaye. Hivyo macho yangu huenda chini ya jedwali moja kwa moja. Mara nyingi nakuta huko saa kama 8:30pm iliyobanwa bila nafasi. Excel huhitaji nafasi kabla ya pm ndipo iitambue kuwa saa. Nikiweka nafasi na kupanga tena, inapanda mahali pake.

Mabango yaliyoandikwa kwa chaki au kalamu nene siyasomeshi tena kwa picha. Kwa hayo kuandika mwenyewe ni haraka kuliko kukagua visanduku vilivyopakwa rangi karibu vyote. Yaliyochapwa, hata kama ni marefu, naipa Excel bila wasiwasi. Kila mstari nauwekea tarehe ya picha, kwa sababu ofisi hubadilisha karatasi bila kumwambia mtu, na likitoka bango jipya ninapiga picha, ninabandika juu ya safu ya awali, ninapitia vipindi na nchi, kisha ninapanga tena. Wateja wangu wa Juba ndio wanaoliomba jedwali hili zaidi, nami nawatumia picha yake ikiwa na safu mbili za kufika: moja kwa saa za Kampala, nyingine kwa saa ya huko nyumbani kwao, ili anayekuja kuwapokea kituoni ajue atoke saa ngapi.